Ndege tatu za kwenda Guangzhou: tukate ipi?

Shangazi, shikamoo. Mimi na shoga yangu tunauza nguo za watoto Kariakoo. Mwezi wa kumi tunataka kwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza tukanunue wenyewe, tukae kama siku nane. Tumeletewa ndege tatu. Ya kwanza inapitia Dubai, 1,950,000 kwenda na kurudi, ila ni tiketi mbili za mashirika mawili na tutasubiri Dubai masaa tisa. Ya pili inapitia Addis Ababa, 2,480,000, tiketi moja, kila mtu mabegi mawili ya kilo 23. Ya tatu inakwenda moja kwa moja, 2,900,000, begi moja la kilo 23. Kurudi tunataka kila mmoja abebe nguo kama kilo arobaini, nyingine zije na meli. Shoga yangu ameng'ang'ania ya Dubai, anasema laki tano ni mtaji. Mimi moyo wangu uko kwenye ya moja kwa moja, kwa sababu sijawahi kusafiri mbali na nina mtoto mdogo nyumbani. Tumeanza kununiana na nafasi hazitungoji. Tukate ipi?

Muuza nguo za watoto, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako niliibeba mpaka Mtaa wa Msimbazi, kwa rafiki yangu wa siku nyingi ambaye kazi yake ni kukata tiketi, na wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa huko huko Kariakoo. Tulikaa baada ya yeye kufunga ofisi, tukaandika ndege zenu tatu kwenye karatasi moja, tukaanza kubishana. Mimi nilisimama upande wa shoga yako, kwa sababu kwangu pia 1,950,000 ilionekana nzuri. Nakuandikia tulivyozungumza, kwa kuwa humo ndimo lilimo jibu.

"Hii ya Dubai," akaniuliza, "hao mabinti wana viza ya Dubai?"

"Viza ya nini, shoga? Wanakwenda China. Dubai wanapita tu."

"Wangekuwa na tiketi moja, sawa, wangepita tu. Hizi ni tiketi mbili. Shirika la kwanza halijui kama kuna la pili. Kwenye kompyuta yao hawa ni abiria wa Dubai, safari yao inaishia hapo. Kwenye ile kaunta ya hapa Dar mtu ataangaliwa paspoti ya Tanzania, itafutwe viza ya kuingia Dubai, isipoonekana ataambiwa akae pembeni."

Nikamwambia wataonyesha tiketi ya pili kwenye simu. Akakubali kwamba mashirika mengine huikubali, mengine hukataa, na kwamba huwezi kujua hadi uulize shirika lenyewe kabla ya kulipa. "Tuseme wamekubaliwa," akaendelea. "Kwenda si tatizo kubwa. Mtu abebe mkoba wa kilo saba, ndiyo ruhusa ya hiyo tiketi ya kwanza. Dubai atafute kaunta ya abiria wa kuunganisha, apewe kadi ya kupandia ndege ya pili. Tabu iko kwenye kurudi."

Hapo ndipo aliponifumbua macho. Mnaporudi mna mizigo. Kule Guangzhou shirika litabandika kwenye begi lebo inayoishia Dubai, kwa sababu tiketi yao inaishia Dubai. Begi litashushwa, litapelekwa kwenye mkanda wa mizigo, na mkanda ule uko ng'ambo ya uhamiaji. Kulifuata lazima ugongewe muhuri wa kuingia nchini kwao, ulichukue, ulisukume hadi kaunta ya shirika la pili, pengine katika jengo jingine, maana uwanja wa Dubai una majengo matatu ya abiria. Mtanzania haingii Dubai bila viza iliyoombwa mapema. Asiye nayo atabaki ndani ya uwanja na begi lake litabaki nje, naye anaitwa kwenye ndege ya Dar.

"Kwa hiyo," akasema, "viza ni sehemu ya nauli. Andika."

Tukaandika. Nauli 1,950,000. Viza, kwa bei aliyoijua yeye siku ile, laki tatu. Kisha mizigo: tiketi ya Guangzhou mpaka Dubai inatoa begi moja tu, na ninyi mna kilo arobaini, basi begi la pili, 250,000. Tiketi ya Dubai mpaka Dar haina begi la chini hata moja, mnunue mawili, 350,000. Nikajumlisha mwenyewe: 2,850,000. Ile ndege ya bei rahisi ikawa imeipita ya Addis kwa 370,000, na hapo hatujahesabu chakula cha masaa tisa uwanjani.

Bado nilimtetea shoga yako. Nikauliza, je, wakirudi mikono mitupu, mzigo wote wakaupeleka kwenye meli? Akafikiri kidogo. "Hapo hesabu inageuka. Hakuna begi, hakuna sababu ya kuingia Dubai, na kwa mtu mzoefu inaweza kufaa. Lakini mwambie jambo moja. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimngoji. Shirika la pili litaandika kwamba abiria hakutokea, na abiria asipotokea kipande cha kwanza, kwa kawaida hufutiwa na vile vinavyofuata. Anapoteza kwenda na kurudi kwa mpigo mmoja. Kwenye tiketi moja, ndege ikichelewa ni kazi ya shirika kumtafutia nyingine. Kwenye tiketi mbili ni kazi yake na pesa yake."

Jambo hili mwonyeshe shoga yako akiwa ametulia. Hajakosea kutaka kuokoa laki tano. Laki tano ile imo kwenye karatasi ya wakala, haimo kwenye safari yenu, kwa kuwa ninyi mna mzigo wa kurudi nao. Angekuwa anakwenda kutazama tu na kuagiza, ningezungumza naye lugha nyingine.

Baada ya hapo tukaja kwenye yako wewe, ya moja kwa moja. Nilitarajia rafiki yangu aisifu, kwani ni masaa kumi na moja tu, huteremki njiani, na kwa mtu wa safari ya kwanza ni raha. Yeye akachukua kalamu akaandika saa za kuondoka na kufika za ndege zote mbili, kandokando.

"Tazama. Ya moja kwa moja inaondoka Dar saa nne usiku. China wako mbele yetu kwa masaa matano. Inafika Guangzhou saa nane mchana, saa zao. Ya Addis inaondoka hapa saa kumi na moja jioni, inafika Addis saa mbili usiku, wanasubiri masaa matatu, wanaondoka saa tano usiku, wanafika Guangzhou saa nane na robo mchana. Wamepishana dakika kumi na tano."

"Lakini wa moja kwa moja hajachoka."

"Hajachoka, kweli. Ila siku ile yeye na mwenzake wa Addis watafanya kazi gani? Kutoka uwanjani, foleni ya uhamiaji, gari la kwenda mjini, hoteli. Jioni imeingia. Wote wawili wanaanza soko kesho yake asubuhi. Ile nauli ya ziada haikununua hata saa moja ya soko."

Kurudi ndiko kulikonishangaza zaidi. Ya moja kwa moja inaondoka Guangzhou saa kumi jioni. Uwe uwanjani masaa matatu kabla, maana yake utoke hotelini saa sita mchana, na asubuhi hiyo utaimaliza kufunga mabegi. Siku ya mwisho imekwenda. Ya Addis inaondoka saa sita na nusu usiku, kwa hiyo mnaweza kushinda sokoni, mkarudi kufunga mizigo saa kumi na moja, mkatoka hotelini saa mbili usiku. Mnafika Addis saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnaondoka saa nne na robo, mnatua Dar saa saba na dakika kumi mchana. Siku ya mwisho kwa mnunuzi ni siku nzito. Ndiyo siku ya kurudi kwa muuzaji aliyekuahidi saizi zilizokuwa zimepungua, na ndiyo siku ambayo bei hushuka, kwa sababu sasa anakufahamu.

Kuhusu mtoto sitakuficha. Kwa ya moja kwa moja ungekaa naye masaa matano zaidi siku ya kuondoka, na ungefika nyumbani saa nne na nusu usiku wa siku ile ile, wakati ya Addis inakuleta kesho yake mchana. Hiyo ni tofauti ya kweli kwa mama. Mtoto akiwa bado ananyonya, au anayebaki naye hawezi kumlaza usiku, basi lipa hiyo ya moja kwa moja wala usimsikilize mtu. Akiwa amezoea kulala kwa bibi yake, usiku mmoja zaidi utapita.

Bei yake nayo tuliipigia hesabu kama tulivyoipigia ya Dubai. Nauli 2,900,000, begi moja. Begi la pili la kurudi, likilipiwa mapema kabla ya siku ya safari, 380,000. Jumla 3,280,000. Ya Addis inabaki 2,480,000 kwa kuwa mabegi yote mawili yamo ndani. Tofauti ni laki nane kwa kila mmoja wenu, milioni moja na laki sita kwa safari moja. Kama seti ya mtoto mnainunua kule kwa 8,000, hizo ni seti mia mbili ambazo hazitafika dukani.

Nikamuuliza rafiki yangu kama begi moja lingetosha, wakibana. Akaenda ndani akaleta mzani wa mkononi, ule wa kuning'inizia begi kwenye ndoano, na begi gumu la magurudumu. Tukalipima tupu: kilo nne na nusu. "Ruhusa ni kilo 23 pamoja na begi lenyewe. Hapa wamebakiwa na kilo kumi na nane na nusu za nguo." Akachukua mfuko mkubwa wa turubai wenye zipu, wa zile shangazi kaja, ukapima chini ya kilo moja. Umeona mwenyewe. Ukibadilisha chombo tu, umepata zaidi ya kilo tatu na nusu za bidhaa katika kila begi, bure. Nguo hazivunjiki, hazihitaji begi gumu. Fungeni mifuko kwa kamba imara na mwandike jina na simu ndani na nje.

Seti ya mtoto ikiwa kwenye mfuko wake wa nailoni tukaikadiria gramu 250. Katika kilo ishirini zinaingia seti themanini. Mabegi mawili ni seti mia moja na sitini kwa kila mmoja, na bado mnabaki na nafasi ya nguo zenu. Kila seti ikiwaachia faida ya 5,000, begi la pili peke yake lina laki nne ndani yake. Hiyo ndiyo thamani ya maneno "mabegi mawili" kwenye tiketi.

Ila ruhusa hii ina masharti yake, na hapa watu hulia kwenye kaunta. Mabegi mawili ya kilo 23 hayamaanishi kilo 46 uzigawe upendavyo. Moja likiwa na kilo 28 na jingine 18, utalipishwa lile la 28 ijapokuwa jumla ni ile ile. Wala kusafiri pamoja hakuwasaidii: kilo zilizobaki kwenye begi la shoga yako hazifuniki zilizozidi kwenye lako, labda mfungue mabegi pale pale mhamishe nguo. Begi likizidi kilo 32 mara nyingi halipokelewi kabisa, hata ukitaka kulipa, kwa sababu ya migongo ya wapakizi. Na kuna kipimo cha ukubwa. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158. Nguo za watoto ni nyepesi na zinajaza, kwa hiyo mnaweza kuwa ndani ya kilo na mkawa nje ya sentimita. Nunueni mzani na futi ya kupimia, mpime hotelini usiku, msisubiri uwanjani.

Mashirika mengine huhesabu kwa jumla ya kilo badala ya idadi ya mabegi, na hapo kugawana huruhusiwa zaidi. Utajua kwa kusoma tiketi. Kwenye mstari wa mizigo utaona `2PC` ukiwa umepewa mabegi mawili, `1PC` ukiwa na moja, `0PC` ukiwa huna kitu, na ukiona `30K` ni kilo thelathini kwa jumla. Soma mstari wa kwenda na mstari wa kurudi, kila mmoja peke yake. Nimeona tiketi ya mama mmoja iliyokuwa na mawili kwenda na moja kurudi, na mfanyabiashara anahitaji mawili kurudi, si kwenda.

Basi uamuzi wetu mimi na rafiki yangu ni ya Addis, na hatukuyumba. Inawapa siku nzima zaidi ya soko kuliko ya moja kwa moja, inabeba kilo arobaini bila kulipa tena, na kwa kuwa ni tiketi moja hamuhitaji viza ya kupita wala kuyafuata mabegi njiani. Mnachopoteza ni usingizi wa saa kadhaa na hofu ya kubadilisha ndege. Hofu hiyo naijua, na inapungua ukielewa kinachotokea. Addis mkishuka, fuateni vibao vya abiria wa kuunganisha, msifuate vya mizigo wala vya kutokea. Mtapita tena kwenye ukaguzi wa mikoba, kisha mtatafuta namba ya lango kwenye skrini, kwa sababu lango lililochapwa Dar huweza kubadilika. Masaa matatu yanatosha hata ndege ikichelewa kidogo, na si mengi kiasi cha kuwalaza kwenye viti.

Pale kaunta ya Dar, kabla begi halijaondoka kwenye mkanda, tazama lebo iliyobandikwa. Herufi kubwa tatu zinasema begi linakwenda wapi. Mnataka kuona `CAN`, ndiyo alama ya uwanja wa Guangzhou. Mkiona `ADD` ndiyo mwisho, mwambieni mhudumu palepale, kwa heshima, kwamba safari inaendelea. Wakati wa kurudi mnataka `DAR`. Kile kipande kidogo cha lebo atakachowapa kibandikeni nyuma ya paspoti, msikitupe. Ndege za kubadilisha zina uwezekano mkubwa zaidi wa begi kubaki nyuma kuliko ya moja kwa moja, hilo ni kweli na sikatai. Lisipotokea Dar, msitoke ukumbi wa mizigo bila kujaza fomu ya kuripoti. Likija limechanika au limepungua vitu, sheria ya kimataifa ya usafiri wa anga inawapa siku saba za kulalamika kwa maandishi tangu mlipolipokea. Likichelewa, ni siku ishirini na moja tangu mlipokabidhiwa. Mkipitisha hapo, haki imepotea. Pigeni picha ya mabegi na vilivyomo kabla ya kuyafunga, na mtunze risiti. Risiti hizo mtazihitaji kwa forodha pia, kwani nguo za kuuza hulipiwa ushuru hata zikija kwenye begi.

Sasa tarehe. Umeandika mwezi wa kumi bila kutaja siku. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa ya China na mapumziko yake huchukua kama wiki. Viwanda hufunga na maduka mengi ya jumla hulegea, kwa hiyo msipange siku zenu nane humo. Kuanzia tarehe 15 Oktoba hufunguliwa maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, na hoteli hupanda bei kwa sababu ya wageni. Ninyi mnaonunua kwenye masoko ya jumla, kama yale yaliyo karibu na stesheni ya reli ya zamani, hamna haja ya maonyesho. Ombeni wakala awatazamie kuondoka Dar kati ya tarehe 6 na 7 Oktoba. Bei ya tiketi huenda ikasogea ukibadilisha siku, na ikisogea, rudieni hesabu hii hii kwa ndege zote tatu: nauli, viza, mabegi ya kurudi, kisha siku za soko.

Msilipe kabla ya viza ya China kutoka. Mwombeni wakala awashikilie nafasi, awaambie inakwisha lini, siku na saa. Tiketi za bei hizi kwa kawaida hazirudishwi pesa, na kubadilisha tarehe kuna faini. Ulizeni faini ni kiasi gani na mwandikiwe kwenye meseji.

Kuna mtego mmoja katika ndege ya kurudi ambao rafiki yangu alinisisitizia mara mbili. Tiketi itaandika `00:30`. Hiyo ni saa sita na nusu usiku, lakini kwa kalenda ni siku mpya tayari. Ikiandikwa tarehe 16, maana yake mko uwanjani usiku wa tarehe 15. Kuna watu hufika tarehe 16 usiku na mabegi yao wakakuta ndege iliondoka jana. Andikeni kwenye simu zenu wote wawili: "Kutoka hotelini tarehe 15, saa mbili usiku", na hoteli mlipie mpaka siku hiyo tu. Mwombeni mwenye hoteli awaruhusu kuacha mabegi mapokezi mkiwa sokoni.

Kwa shoga yako, msomee hesabu ya Dubai pole pole, umwache ajumlishe mwenyewe kwa kalkuleta yake. Kisha nendeni kwa wakala pamoja. Mkishalipa, kaeni hapo hapo mpaka tiketi iingie kwenye simu ya kila mmoja, muingize ile namba ya herufi sita kwenye tovuti ya shirika lenyewe, mwone majina yanafanana na paspoti herufi kwa herufi, safari zote nne ziko chini ya namba moja, na kwenye mstari wa kurudi imeandikwa `2PC`. Kikikosekana kimoja, msinyanyuke kitini.